Ziwa si beseni ya gari lako

Vijana wenzetu wa Vitshumbi, na ninyi ndugu wa Kiwanja, Butembo na Goma mnaokula samaki wetu, tunaleta neno juu ya kazi tunayofanya kila siku: kuosha magari na pikipiki kwa ndoo. Wengi wetu tumesoma. Wengine tuna shahada za chuo kikuu zimelala ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Kazi ya ofisi hatukupata, basi tulifuata ile artikle 15 ambayo kila Mkongomani anaijua: jitafutie. Tumejitafutia. Sasa tunataka watu waheshimu kile tulichokipata.

Tunalisikia neno moja kila gari la samaki likifika: "Ninyi vijana, ziwa liko hapo, maji ni ya Mungu. Juu ya nini mnadai pesa ya maji? Tia gari ndani, osha, tuende." Anayesema hivyo anataka kulipa nusu ya bei. Tukikataa, anaita mtoto wa miaka kumi na mbili, anamrushia noti moja, gari linaingia mpaka maji yanafunika magurudumu. Sisi tunasema hapana, na sababu zetu tunazitoa moja moja.

Ya kwanza ni gari lenyewe. Papa shofere, umetoka Kiwanja kwa barabara ya vumbi na mashimo. Breki zako zimechemka, haba za magurudumu zimechemka, difu imechemka. Ndani ya vyuma hivyo kuna mafuta na kuna hewa ya moto. Ukivizamisha ghafula ndani ya maji ya baridi, ile hewa inasinyaa, na inaposinyaa inavuta. Inavuta maji kupitia kwenye sili, hasa zile zilizochakaa, na kupitia kile kitundu kidogo cha kupumulia juu ya difu. Siku hiyo huoni kitu. Gari linang'aa, unaondoka ukicheka kwamba umeokoa franka elfu tatu. Baada ya wiki kadhaa beringi inaanza kulia kama nyuki. Mwambie fundi afungue kizibo cha difu: mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yaliingia. Bei ya beringi na ya fundi inaweza kulipa kuosha kwa ndoo kwa miezi mingi.

Ya pili ni chumvi. Gari la Vitshumbi si kama teksi ya Goma. Linabeba samaki wabichi na samaki wa chumvi, na maji yao yanachuruzika njia nzima, yanapita kwenye mbao, yanaingia chini ya bodi, yanakauka kwenye chesisi. Kutu inaanzia pale, mahali ambapo jicho la mwenye gari halifiki. Kulizamisha gari ziwani hakuitoi chumvi iliyojificha kwenye kona za chesisi pamoja na udongo. Inayoitoa ni mkono, brashi na maji yanayomwagwa kwa nguvu kutoka chini na pembeni, mara mbili au tatu, mpaka yanayodondoka yawe masafi.

Ya tatu ni sisi wote. Pale gari linapoingia ndipo mama zetu wanachota maji ya kupika na ya kunywa. Gari halidondoshi vumbi tu. Linadondosha girisi, mafuta ya injini, mazuti na sabuni ya unga. Tena ni pale pale kwenye maji mafupi ambapo tilapia anazaa. Dume anachimba kiota kwenye mchanga, jike anataga, halafu anabeba mayai mdomoni mwake. Wavuvi wetu wanakatazwa nyavu za macho madogo ili samaki wadogo wakue, na ni sawa wakatazwe. Lakini mvuvi akikamatwa kwa nyavu, mwenye gari anayemwaga mafuta juu ya kiota anapewa njia apite. Vitshumbi iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, na ni moja ya vijiji vitatu vya uvuvi vinavyokubaliwa upande wa Kongo wa ziwa Edouard, pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma. Sheria ya hifadhi haiwezi kuwa ya maskini mwenye mtumbwi peke yake.

Sasa tuzungumze bei, juu ndiko makelele yanaanzia. Wanasema tunauza maji ya Mungu. Hapana, maji hatuuzi. Tunauza safari ya bidoni. Bidoni ya lita 20 inatoka ziwani inapanda mpaka juu kwa baiskeli au kwa kichwa. Anayechota alfajiri anachungulia kwanza, juu kiboko anayekula majani usiku anarudi majini saa zile zile, na mtu akisimama kati yake na ziwa amejitafutia kifo. Hiyo ndiyo gharama ya "maji ya bure".

Tuchukue hesabu ya gari moja, pikapu iliyobeba samaki, ili kila mtu aone. Pikapu chafu iliyokauka kutoka jana inakula bidoni sita, yaani lita 120. Weka franka 300 kwa bidoni: ni 1800. Sabuni na vitambaa, 1000. Jumla 2800 kabla mkono haujalipwa. Vijana wawili wanafanya saa moja na nusu. Ukiwapa 5000, wanabaki na 2200, kila mmoja 1100. Hapo bado hajapita yule mtu wa jetoni, anayekuja na karatasi na kwenda na pesa bila kutuachia hata jiwe moja la kuegesha gari. Ukiwapa 8000, kila mmoja anabaki na 2600. Hiyo ndiyo bei tunayoidai kwa pikapu ya samaki: 8000. Hatukuiokota hewani.

Kuna wanaouliza mbona mteja wa kila wiki analipa 7000. Wanadhani ni urafiki. Si urafiki, ni umri wa uchafu. Utelezi wa samaki ukioshwa siku ile ile unatoka kwa maji na kitambaa. Ukilala siku tatu juani unakuwa kama gundi, unahitaji kulowekwa na kusuguliwa. Gari linalokuja kila wiki, mara tu baada ya kushusha mzigo, linatumia bidoni nne badala ya sita na linaisha kwa saa moja. Maji 1200, sabuni 700, tunabaki na 5100: kila mmoja 2550. Tunapata karibu pesa ile ile kwa muda mfupi, na mwenye gari anaokoa 1000. Kwa hiyo bei ndogo inatoka kwa yule anayekuja kwa wakati, haitoki kwa anayepiga kelele zaidi. Na yule mteja wa "nitalipa mwisho wa mwezi" tunampenda pia, lakini alipe nusu mbele, na jina la gari liandikwe kwenye daftari mbele yake. Deni lisiloandikwa linazaa ugomvi.

Na sisi waoshaji, tusijifiche nyuma ya hasira. Ukidai 8000, kazi ionekane. Gari likae kwanza kivulini mpaka boneti ipoe, juu sabuni ikikaukia kwenye bati la moto inaacha madoa. Mwaga maji matupu kwanza, kutoka juu kwenda chini, ili mchanga uondoke kabla kitambaa hakijagusa rangi. Ukianza na kitambaa, unasaga mchanga juu ya rangi, na jua likipiga mwenye gari anaona mikwaruzo ya duara. Ndoo ya sabuni iwe yake na ndoo ya kusuuzia kitambaa iwe yake. Usizamishe kitambaa mpaka chini ya ndoo, mchanga umelala pale. Kitambaa cha magurudumu na chesisi kisipande kwenye bodi hata siku moja. Sabuni ya unga ya kufulia iwe ya chini ya gari na ya mbao za mzigo. Kwenye rangi tumia sabuni laini kidogo, juu ile ya unga inaila rangi ikabaki kama chaki. Ukimaliza, mwambie shofere akanyage breki mara chache polepole kabla ya kushika barabara, maana breki zilizolowa hazishiki vizuri.

Kuosha kwa ndoo kuna shida yake pia. Lita 120 lazima ziende mahali. Zikitiririka kurudi ziwani, tumefanya kazi ya bure. Ndiyo maana tunaoshea juu, mbali na ufuko, kwenye shimo pana na fupi lililojazwa mawe na mchanga. Shimo refu halitufai, juu karibu na ziwa maji ya ardhini hayako mbali. Matone ya mafuta tunayanywesha majivu, halafu tunayazoa. Shimo linaziba kwa udongo: ukiona maji yamesimama juu na ngozi ya rangi rangi, ujue wakati wa kulizoa umefika. Mvua kubwa ikinyesha linafurika, na siku hiyo hatuoshi. Tunapoteza pesa, ndiyo. Lakini hatunywi mafuta.

Basi haya ndiyo tunayodai.

Kwa wenye magari na mashofere: msiingize gari ziwani, na msimpe mtoto kazi ambayo mkubwa ameikataa. Mtoto huyo awe shuleni.

Kwa yeyote anayeshika madaraka Vitshumbi, awe huyu wa leo au yule wa kesho: mtupe sehemu moja ya juu, yenye mawe na shimo, iwe ya kuoshea magari na inayojulikana. Anayetoza jetoni aonyeshe kwa maandishi pesa inakwenda wapi. Kama haijengi hata shimo, hatutailipa, na tutasema hivyo mchana, kwa sauti, bila kurusha jiwe.

Kwa vijana wenzetu wa ndoo: tushike bei moja. Mwenye gari anapita kwa kumi wetu akitafuta mmoja atakayekubali 5000 na kuingia majini. Siku asipompata huyo mmoja, atapanda juu kwenye shimo kama wengine, na atalipa.

Ziwa linatulisha. Halikupewa kazi ya kuosha chesisi.