Baba, sukari ya kunywa nayo ihesabiwe

Barua ya Jumapili
Na Mwanahawa Shekue



Baba, barua hii naichapisha hapa kwa ridhaa yako, maana ulisema wenzako wa barazani hapo Tanga wenye kisukari cha aina ya pili wanauliza swali lile lile unalouliza wewe: wali tumepunguza, ugali tumepunguza, mbona kipimo hakishuki?

Tuanze na chai. Unakunywa vikombe vinne kwa siku, na kila kikombe unatia vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai kikisawazishwa kina gramu 4 hivi, kwa hiyo vijiko 12 ni gramu 48. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima, hata asiye na kisukari. Wewe chai peke yake inakufikisha karibu mara mbili ya hapo, na juisi bado.

Juisi unaitetea kwa kuwa Mama huikamua mwenyewe bila kutia sukari. Lakini glasi moja inataka machungwa matatu au manne. Ungeyala, ungetafuna taratibu, nyuzinyuzi zingechelewesha sukari kuingia damuni, na pengine chungwa la pili lingekutosha. Yakikamuliwa, nyuzinyuzi nyingi zinabaki kwenye chujio na sukari yote inateremka kwenye glasi. Ni gramu 20 na zaidi, sawa na vijiko vitano, na unazimaliza kwa mafunda machache. Mwili ambao insulini yake haifanyi kazi sawasawa hauwahi kuipokea sukari inayoingia kwa kasi hiyo. Ndiyo maana shirika lile lile linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya dukani. Asali na sukari guru nazo zimo humo humo.

Ushahidi umo kwenye daftari lako. Siku uliyokula wali kwa samaki ukashushia glasi ya juisi, saa mbili baada ya chakula kipimo kilisoma 14.2. Siku nyingine ulikula wali ule ule, kiasi kile kile, ukanywa maji, kikasoma 9.6. Wagonjwa wengi hushauriwa wakati huo wawe chini ya 10. Baba, siku ile wali haukuwa na kosa.

Kuna jambo jingine linalokuponza, nalo ni kiu. Sukari ikizidi damuni, figo huitoa kwa mkojo, na maji mengi huifuata. Hapo koo linakauka, unaamka usiku kwenda msalani mara kwa mara, na mchana unatamani kitu cha baridi. Ukiikata kiu hiyo kwa juisi, sukari inapanda tena na kiu inarudi kali zaidi. Kiu ya namna hiyo dawa yake ni maji. Ikija pamoja na kutapika, kupumua kwa kasi au usingizi usio wa kawaida, usingoje kuche, nenda hospitali.

Sikuombi uache chai. Wiki hii tia vijiko viwili, wiki ijayo kimoja, halafu uache sukari kabisa. Ulimi huzoea ukipunguziwa kidogo kidogo. Tangawizi, iliki na mdalasini viongeze upendavyo. Chai ya maziwa iwe kikombe kimoja, kwa sababu maziwa yana sukari yake ya asili. Chungwa lile, moja, baada ya chakula.

Ila kabla hujaanza, mweleze daktari wa kliniki yako. Miongoni mwa vidonge vyako kuna glibenklamidi, nayo huendelea kuishusha sukari hata ikiwa umekula kidogo. Ukipunguza sukari ya kunywa, huenda dozi nayo ikahitaji kupunguzwa. Usiipunguze mwenyewe.

Na ukitetemeka, ukitokwa jasho jembamba, moyo ukaenda mbio, pima. Kipimo kikiwa chini ya 4, au kama huna kipimo karibu, hapo ndipo juisi inapokuwa dawa: kunywa nusu glasi, au maji yenye vijiko vinne vya sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula kitu. Kwa hiyo sukari isikosekane nyumbani, ila ikae kwa kazi hiyo.

Nanyi wazee wenzake Baba, fanyeni jaribio lake wenyewe: chakula kile kile, siku moja kwa juisi, siku nyingine kwa maji, mpime saa mbili baadaye na kuandika. Daftari hilo mwende nalo kliniki.