Mvua Isimeze "si-"

Katika michezo mingi ya shule hapa Lubumbashi mvua hutoka katika faili moja. Mtu anabonyeza, mvua inanyesha kwa nguvu ileile hadi onyesho liishe, na waigizaji wanapiga kelele juu yake. Mimi nasema tatizo ni hiyo faili moja, hata kama imerekodiwa vizuri, na hoja yangu ni ya kiisimu.

Chukueni onyesho nililotengenezea sauti muhula huu. Kijana anamuaga mama yake usiku wa mvua na kusema: "Sitarudi." Ukifungua mvua ya mabati katika Praat, utaona weusi umetanda toka chini hadi juu ya picha. Konsonanti /s/ ina nguvu yake nyingi juu ya 4000 Hz, na huko mvua inaifunika. Kinachobaki ni "itarudi", na sikio la msikilizaji linajijazia lenyewe: "nitarudi". Mwalimu mmoja alinijibu kwamba mwigizaji apaze sauti. Lakini kupaza sauti huongeza irabu kuliko /s/, kwa hiyo kiambishi cha ukanushi kinazidi kuzama.

Ndiyo maana niliijenga mvua kwa tabaka tatu katika Audacity, kila moja kwenye mstari wake. Ya kwanza ni mvumo wa mbali, uliorekodiwa kwa simu chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Ya pili ni bati: mchele unaomwagwa polepole juu ya sinia la chuma (mama wa nyumbani hakupenda). Ya tatu ni matone yanayoanguka katika beseni. Mvumo una sekunde 67 na bati 41. Kila moja ikijirudia kwa mwendo wake, haziwezi kuanza tena pamoja kabla ya dakika 45, na hakuna anayetambua tone lilelile likirudi.

Tabaka zikiwa mbalimbali, naweza kushusha bati peke yake, maana ndilo lenye mchakacho unaofanana na /s/. Kwa Envelope Tool nalishusha desibeli 15 hivi, nikianza sekunde nne kabla, mama akiwa bado anasema. Ukingoja kijana afungue mdomo, hadhira itasikia mkono wa fundi. Mvumo na matone vinabaki, na mvua haijakatika.

Kufifisha mwisho wa onyesho ni jambo jingine. Mstari ulionyooka wa Fade Out unadanganya jicho: katikati ya safari sauti imepungua desibeli 6 tu, kisha inaporomoka ghafla. Afadhali mkunjo unaoshuka mapema na kumalizika taratibu. Mlango ukifunguliwa, usififishe kabisa. Bati liruke juu mara moja.

Kupima ni rahisi. Mketishe mtu asiyejua mchezo kwenye kiti cha mwisho, afumbe macho, kisha aandike alichosikia. Akiandika "nitarudi", shusha bati desibeli tatu zaidi.