Baridi ya Endarasha Si Friji

Kuna msee ameniuliza: "Endarasha ni baridi hivi, zahanati inataka friji ya sola ya nini?"

Wacha nikujibu, buda, bila matusi. Chanjo inataka digrii 2 hadi 8, usiku na mchana. Huku kwetu saa nane mchana jua linachoma, alfajiri unatetemeka. Hiyo si friji, ni kamari.

Na chanjo ya pepopunda haiogopi joto tu. Ikiganda, imekufa, hata ukiiyeyusha. Kile kibandiko cha chupa hubadilika rangi kwa joto, lakini kuganda hakionyeshi. Ukishuku, unachukua chupa nyingine ya toleo hilo hilo, unaigandisha makusudi, unaiyeyusha, unazitikisa zote mbili na kuziacha zitulie. Ile unayoshuku ikituama haraka kama iliyoganda, tupa. Bila hivyo mtoto anadungwa, analia, anarudi nyumbani bila kinga, na mamake hajui.

Ndio maana sitaki kuona mheshimiwa akituletea friji ya nyumbani na betri. Hiyo inaweza kugandisha dawa pembeni, na betri ikichoka hakuna wa kununua nyingine. Friji za chanjo za sola za siku hizi hazihitaji betri ya kupoza: jua likiwaka zinatengeneza barafu ndani ya kuta, na barafu hiyo hushikilia baridi angalau siku 3.

Lakini paneli ikikaa kwenye kivuli, barafu haitoshi, na ukungu wa Julai hauna huruma. Kwa hivyo kabla ya kukata utepe, kateni matawi.