Facebook Ilishika Makosa ya Sarufi, Chuki Ikapita Tu

Mnakumbuka Julai 2022, wiki chache kabla ya kura? Mashirika ya Global Witness na Foxglove yalijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo 20 ya chuki, 10 ya Kiswahili na 10 ya Kiingereza. Ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza, lakini cheki sababu: sarufi na matusi. Yakarekebishwa kidogo, nayo yakapita. Yalitolewa kabla mtu yeyote hajayaona.

NCIC ikaja juu: Facebook ijirekebishe kwa siku 7 ama isimamishwe. Serikali ikakataa kuifunga, na hapo ilifanya poa. Ukizima mtandao mzima, mchochezi ananyamazishwa pamoja na wewe unayeuliza pesa za kaunti zilienda wapi.

Sasa mbona tusipige tu marufuku maneno mabaya? Chukua "madoadoa". Kwa shati ni uchafu tu. Kwa mkutano wa siasa Bonde la Ufa, neno hilo limetumika kumaanisha majirani wa kabila lingine waondolewe. Mashine ikifuta kila posti yenye hilo neno, inafuta pia msee anayelikemea. Ikiliacha, mchochezi anapita.

Kwa hivyo lazima posti isomwe na mtu anayejua lugha na siasa za mtaa. Na akikufuta, akuonyeshe sentensi yenyewe na sheria uliyovunja, ndio ukate rufaa. Bila hiyo, utajuaje kama umezimwa kwa chuki ama kwa kuuliza maswali?