Simu kukatika ndani ya basi: ni mlima au ni hitilafu?

Msafiri anayetoka Morogoro kwenda Iringa anaongea na nyumbani, mara sauti inakwaruza na simu inakatika. Wengi hulaumu mtandao hapo hapo. Wakati mwingine lawama ni ya haki, wakati mwingine kilichoikata simu ni mlima tu.

Mnara mmoja huhudumia eneo lake tu. Basi likienda kilomita 80 kwa saa hupita kama mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kila baada ya dakika chache simu yako hukabidhiwa mnara mwingine. Unapoongea, simu hupima nguvu ya mnara unaokuhudumia na ya minara jirani, kisha hutuma vipimo hivyo kwenye mtandao. Jirani akionekana ana nguvu zaidi, mtandao hukutengea nafasi kwake na kuiamuru simu ihamie. Kuhama kwenyewe huchukua chini ya sekunde moja, na kwa kawaida husikii chochote.

Kwenye kona za Kitonga, basi likizunguka mlima, mawimbi ya mnara wa nyuma yanaweza kuzibwa ghafla kabla makabidhiano hayajakamilika. Simu hukatika bila mtambo wowote kuharibika. Hali ni hiyo hiyo pale ambapo hakuna mnara wa karibu: mistari ya mtandao hupungua, kisha hupotea, ndipo simu inakatika. Huo ni upungufu wa minara.

Hitilafu ina dalili nyingine. Simu hukatika mahali pale pale kila safari, barabara ni wazi, na mara tu baada ya kukatika mistari imejaa. Ukishuka hapo ukapiga umesimama, unaongea vizuri. Maana yake mnara wa mbele unafanya kazi, ila huenda mnara wa nyuma haujaorodheshewa kuwa huyo ni jirani yake, kwa hiyo haumkabidhi simu. Wakati mwingine tatizo huonekana ukienda tu, ukirudi halipo. Kosa la namna hiyo mafundi hulirekebisha kwenye mipangilio, bila kujenga mnara mpya.

Ikiwa hukatika siku za mnada au jioni tu, yaelekea mnara wa mbele umejaa na hauna nafasi ya kukupokea. Na kama abiria wenzako wa mtandao huo huo wanaendelea kuongea, kagua kwanza simu na laini yako.

Ukitaka kutoa taarifa, andika jina la kijiji au kituo cha karibu, saa, na upande basi lilikokuwa linaelekea. Piga 100 kwa kampuni yako na uombe namba ya malalamiko. Wasipokusaidia, peleka malalamiko hayo TCRA. Fundi aliyeambiwa "mtandao mbovu" hana pa kuanzia, lakini akitajiwa mahali na mwelekeo, anajua ni minara ipi miwili aikague.