Indiketa Inapoharakisha

Juma lililopita tulikuwa tukitoka Nyali kuelekea Bamburi baada ya magharibi, watoto wamekaa nyuma. Tulipotaka kukata kulia kuelekea upande wa bahari tuliwasha indiketa, na mara ikaanza kulia tik-tik-tik kwa pupa. Binti yetu mdogo akauliza, “Mama, mbona leo ina haraka?” Kabla hatujamjibu, bodaboda ilitupita kwa upande wa kulia, karibu igongane na mlango wetu. Kijana yule alitukemea kwamba hatukuonyesha ishara. Sisi tuliiona ishara ikimetameta mbele ya macho yetu. Yeye aliyekuwa nyuma hakuona kitu.

Tulipofika nyumbani tulihesabu. Indiketa ya kushoto iliwaka mara 21 katika sekunde 15, na ya kulia iliwaka mara 42. Mwendo wa kawaida ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, yaani mara 15 hadi 30 katika sekunde 15. Upande wa kushoto, basi, ulikuwa salama. Upande wa kulia ulikuwa ukienda maradufu kamili, na huko kuongezeka maradufu si bahati mbaya. Ni gari lenyewe linalosema na dereva.

Katika magari mengi yenye balbu za kawaida, kila upande huwa na balbu ya mbele ya wati 21, ya nyuma ya wati 21, na ndogo ya ubavuni ya wati 5. Jumla ni wati 47. Kifaa kinachowasha na kuzima taa hizo, ambacho mafundi hukiita flasha, hupima umeme unaopita ndani yake. Balbu moja kubwa ikiungua, zinabaki wati 26 tu. Flasha hutambua kwamba umeme umepungua, na kwa kuwa haiwezi kumwambia dereva kwa maneno, huongeza kasi. Katika magari ya zamani yaliyotumia flasha ya kupashwa moto na umeme, mambo yalikuwa kinyume: balbu ikifa, indiketa ilipunguza mwendo au kukwama kabisa.

Kasi hiyo hutaja upande, lakini haitaji balbu. Kwa hiyo tuliegesha gari, tukawasha indiketa ya kulia, tukalizunguka kwa miguu. Ya mbele iliwaka, ya ubavuni iliwaka, ya nyuma ilikuwa giza. Hapo ndipo tulipomwelewa yule kijana wa bodaboda. Tahadhari moja: msipime kasi kwa kuwasha taa za dharura. Taa za pande zote mbili zikiwaka pamoja, umeme unaopita ni mwingi, na katika magari mengi mwendo hubaki wa kawaida ingawa balbu moja imekufa. Vilevile balbu ndogo ya ubavuni ikiungua, pengo la wati 5 mara nyingi ni dogo mno kwa flasha kulitambua. Kwa hiyo kutosikia haraka si ushahidi kwamba taa zote ni nzima.

Tulizima taa, tukangoja balbu ipoe, tukaifinya ndani kidogo na kuizungusha hadi ikatoka. Uzi wake ulikuwa umekatika na kioo kimeingia weusi. Lau uzi ungekuwa mzima, tungetazama kikalio chake, kwani huku kwetu hewa ya chumvi huota kutu ya kijani kwenye shaba na kuzuia umeme, na balbu isiyo na kosa hulaumiwa bure. Msasa laini hutosha kuisafisha. Waya wa kuungia bodi ukilegea pia huleta dalili hiyo hiyo.

Dukani tulikwenda na balbu mbovu mkononi, ili mpya ilingane nayo kwa volti, kwa wati, kwa rangi na kwa umbo la kikalio. Muuzaji alitushauri tuchukue ya LED kwa kuwa hudumu zaidi. Tulikataa. Balbu hiyo hutumia wati chache tu, na flasha iliyotengenezwa kwa balbu za wati 21 huidhania kuwa imekufa. Haraka ingerudi, na siku nyingine balbu ikiungua kweli tusingejua.

Tulipoitia mpya tulihesabu tena: mara 21 kwa sekunde 15, sawa na kushoto. Hata hivyo hatukuridhika kwa sikio peke yake. Tulimwomba binti yetu asimame nyuma ya gari na kutuambia anachokiona, maana dereva aliye kitini ndiye mtu pekee barabarani asiyeweza kuiona taa yake ya nyuma.