Taarifa ya Wakala Si Daftari

Wadau, acheni kuita taarifa ya wakala daftari la biashara. Inaonyesha bei uliyopata, si sababu uliyonunua.

Chukua Williamson Tea, wenye shamba la Changoi huku kwetu. Kabla ya kununua, andika sababu na bei ya kutokea. Mfano: hisa 100 kwa shilingi 250, kutoka 230, umehatarisha 2,000. Wanunuzi ni wachache, ukauza 220. Hasara ni 3,000, mara 1.5 ya uliyokubali, bila ada.

Andika pia siku bei ilipofika 230 na siku uliyoagiza kuuza. Kila mwisho wa mwezi gawanya kila hasara kwa hatari yake. Ikizidi 1, linganisha tarehe. Uliagiza siku ileile? Punguza idadi ya hisa. Ulichelewa? Kosa ni lako, si la soko.